Mayai 250, trei za 12: yale kumi ni ya nani?

Mfugaji ana mayai 250 mezani na rundo la trei ndogo za mayai kumi na mawili, zile zenye mfuniko zinazopangwa kwenye rafu za supamaketi. Mtoto wa darasa la nne akiulizwa zitajaa trei ngapi, atagawanya na kujibu: 20 baki 10. Atapewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu na hesabu itakuwa imekwisha. Kwa mfugaji ndiyo kwanza inaanza, maana mayai kumi bado yako mezani, na jibu la mtoto halisemi yaende wapi.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu hata humo mna shimo ambalo wengi hutumbukia. Tunagawanya 250 kwa 12. Katika 2 hazimo. Katika 25 zimo mara mbili, yaani 24, inabaki 1. Hiyo 1 si yai moja. Ni kumi moja, kwa kuwa zile 25 tulizogawanya zilikuwa makumi. Tunashusha 0 na kupata 10. Kumi na mbili hazimo katika 10, kwa hiyo juu tunaandika 0, na hizo 10 ndizo baki. Wanafunzi wengi huiruka sifuri hiyo, kwa sababu wanaona hapakuwa na kitu cha kuandika, wakaishia na 2 baki 10. Kuwagundua ni rahisi: zidisha kurudi nyuma. Trei 2 za mayai 12 ni 24, ongeza 10, unapata 34. Mayai 216 yamepotea njiani. Trei 20 ni 240, ongeza 10, ni 250, hakuna yai lililopotea.

Hata hivyo kuzidisha kurudi nyuma hakutoshi. Mtu akikwambia jibu ni 19 baki 22, naye atazidisha: 19 mara 12 ni 228, ongeza 22, ni 250. Imekubali! Lakini mayai 22 yaliyobaki yanajaza trei nyingine nzima. Hesabu yake si mbovu, haijamalizika tu. Ndiyo maana kuna masharti mawili yanayokwenda pamoja: jumla irudi ilikotoka, na baki liwe dogo kuliko namba inayogawanya. Kwa trei za 12, baki haliwezi kuzidi 11.

Sasa tulitazame jibu lenyewe. Katika "20 baki 10", ile 20 inahesabu trei, na ile 10 inahesabu mayai. Ni namba mbili za vitu viwili tofauti zilizowekwa bega kwa bega, na hapo ndipo matatizo mengi ya kugawanya yanapozaliwa. Chukua mayai 410 na trei za 20. Jibu ni 20 baki 10 vilevile. Je, mayai 250 katika trei za 12 ni sawa na mayai 410 katika trei za 20? Hata kidogo. Maneno ya jibu yanafanana, lakini kwa wa kwanza yale kumi yamekaribia kujaza trei, na kwa wa pili ni nusu ya trei. Baki peke yake, bila kujua liligawanywa kwa ngapi, halikwambii lolote.

Turudi kwa mfugaji wetu. Gari la mteja limefika, na dereva anauliza, "Mama, leo una trei ngapi?" Kama supamaketi inapokea trei zilizojaa tu, jibu ni 20. Yale kumi hayaingii kwenye hati ya kupokelea mzigo, hata kama yameshapangwa vizuri kwenye trei ya ishirini na moja. Hapa baki linadondoshwa.

Jana yake mama huyohuyo alikwenda dukani kununua trei tupu, na muuzaji akamuuliza hilohilo: ngapi? Hapo jibu ni 21, maana mayai yote lazima yapate pa kukaa, na mayai kumi hayawezi kukaa nje kwa sababu tu hayakutimia kumi na mbili. Baki dogo kiasi gani linahitaji trei ya ziada? Hata yai moja. Mayai 241 yangehitaji trei 21 kama yanavyohitaji 250. Hapa baki linapandisha jibu kwa moja, na ukubwa wake haujalishi.

Halafu kuna swali la jirani mwenye kuku wachache: "Nikuazime mangapi ujaze ya mwisho?" Jibu ni 2. Namba hiyo haimo kabisa katika "20 baki 10". Inapatikana kwa kutoa baki kwenye ukubwa wa trei, 12 toa 10. Na mtoto anayesubiri chai jikoni anauliza yamebaki mangapi ya kukaanga. Kwake 20 haina maana yoyote. Jibu lote ni 10.

Kwa hiyo kugawanya kumoja kumetoa majibu manne: 20, 21, 2 na 10. Yote ni sahihi, na hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kulichagua kwa kuzitazama namba 250 na 12. Kinachochagua ni swali. Mwalimu anayempa mwanafunzi "250 ÷ 12" tupu amemwondolea sehemu ngumu ya kazi, akamwachia ile ambayo kikokotoo cha simu kinaimaliza kabla hajapepesa jicho.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya watakuwa wameshanuna hapa: trei gani hiyo ya mayai 12? Trei tuliyoizoea, ile ya karatasi ngumu ya kijivu inayofungwa nyuma ya bodaboda, ina mashimo 30. Haya, tugawanye kwa 30. Mara nane thelathini ni 240, inabaki 10. Jibu ni 8 baki 10. Baki ni lilelile kumi! Si miujiza. Namba 240 inagawanyika sawasawa kwa 12 na pia kwa 30, kwa hiyo chochote kilichozidi juu ya 240 kitabaki nje kwa trei zote mbili.

Lakini linganisha kumi hizo mbili. Kwenye trei ndogo, mayai kumi yamepungukiwa na mawili tu. Mfugaji anaweza kusubiri asubuhi moja, kuku watamkamilishia, na trei ya 21 iondoke imejaa. Kwenye trei kubwa, mayai hayohayo kumi ni theluthi ya trei, na yamepungukiwa na ishirini. Kusubiri ishirini kwa kundi dogo la kuku ni suala jingine, na mayai ya kwanza yatakuwa yanazeeka. Kwa hiyo mfugaji mmoja, siku moja, akiwa na mayai yaleyale na baki lilelile, angefanya uamuzi tofauti kwa sababu ya umbo la karatasi tu.

Hapa pia ndipo kanuni maarufu ya shuleni inapomwangusha mtu. Tulifundishwa kukadiria: ikizidi nusu panda, ikipungua nusu shuka. Ukigawanya 250 kwa 12 kwenye kikokotoo unapata 20.8333. Ni zaidi ya nusu, unapanda, unanunua trei 21. Sawa. Sasa gawanya 250 kwa 30: 8.3333. Ni chini ya nusu, unashuka, unanunua trei 8, unarudi nyumbani na mayai kumi hayana pa kulala. Kanuni ile ni ya kupima vitu kama urefu na uzito, mahali ambapo kukosea kidogo juu au chini ni mamoja. Trei hazijui kukadiria. Kwa anayenunua trei jibu hupanda daima. Kwa anayeuza zilizojaa jibu hushuka daima. Nusu haihusiki kokote. Aliyepata 21 kwa kukadiria alibahatisha, na bahati ndiyo mbaya zaidi katika hesabu, kwa sababu inamfanya mtu aiamini njia ambayo kesho itamwangusha.

Hiyo 20.8333 yenyewe ina hila yake. Wapo wanaoisoma kana kwamba sehemu iliyo baada ya nukta ni mayai: "trei ishirini na mayai nane." Wengine huandika 20.10, wakidhani nukta ni njia fupi ya kuandika neno baki. Zile 0.8333 si mayai, ni sehemu ya trei. Ili kujua ni mayai mangapi, zidisha kwa mayai ya trei moja: 0.8333 mara 12 ni 9.9996, na hiyo ni 10 iliyopungua kwa sababu kikokotoo kilikata tarakimu njiani. Ukitaka kuepuka mikia hiyo, acha nukta kabisa. Chukua ile 20 nzima, zidisha kwa 12, toa kwenye 250. Anayeweka hesabu zake kwenye kompyuta, katika jedwali la Excel au la Google, ana fomula tatu kwa maswali matatu:

```
=INT(250/12)         20
=ROUNDUP(250/12,0)   21
=MOD(250,12)         10
```

Ya kwanza inahesabu trei zilizojaa, ya pili trei za kununua, ya tatu mayai yanayobaki. Kompyuta itatekeleza yoyote utakayoiandikia bila kukuuliza kama unanunua au unauza.

Kuna mtego mwingine ambao hunasa hata watu wazima wenye akili timamu, nao unatokana na ufundi mzuri. Kugawanya 250 kwa 30 ni sawa na kugawanya 25 kwa 3, si ndiyo? Unakata sifuri juu na chini. Mara nane tatu ni 24, inabaki 1. Jibu: trei 8, baki yai moja. Trei ni nane kweli. Lakini yai si moja, ni kumi. Ulipokata sifuri ulibadilisha kipimo: hukuwa tena na mayai 250 bali makumi 25, na trei ya makumi matatu. Kilichobaki kwa hiyo ni kumi moja. Kukata sifuri hakugusi idadi ya trei, lakini kunapunguza baki mara kumi, na anayetaka baki la kweli ni lazima airudishe sifuri aliyoikata. Dalili ya kosa hili ni ileile ya kuzidisha kurudi nyuma: 8 mara 30 ni 240, ongeza 1, ni 241. Kuna mayai tisa yamefutwa pamoja na sifuri.

Swali la baki lilipata umaarufu wake katika utafiti wa elimu kwa njia isiyohusu mayai. Marekani huwa na tathmini ya kitaifa ya maendeleo ya elimu, na katika awamu moja iliyotolewa matokeo mwaka 1983, watoto wa miaka 13 waliulizwa hivi: basi la jeshi linachukua askari 36, askari 1,128 wanapelekwa kwenye uwanja wa mafunzo, yanahitajika mabasi mangapi? Kugawanya kunatoa 31 baki 12. Takriban asilimia 70 ya watoto waligawanya bila kosa, na kama mtihani ungeishia hapo, taifa lingelala usingizi mnono. Lakini walioandika mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Asilimia 29 waliandika "31 baki 12", na asilimia 18 waliandika 31.

Yafikirie majibu hayo. Hakuna mtu duniani anayekwenda kukodi mabasi 31 baki 12. Mtoto yeyote wa miaka 13 anajua hivyo, na ukimkuta kituoni na kumwambia askari kumi na wawili wataachwa barabarani, atakwambia liitwe basi jingine. Ila hakuwa kituoni. Alikuwa darasani, na darasani alishazoea kwamba hadithi ya basi ni ganda tu, linabanguliwa na kutupwa, zinatolewa namba mbili za ndani, zinagawanywa, na kinachotoka ndicho jibu. Hakurudi kulisoma swali kwa mara ya pili. Ugumu haukuwa kwenye kugawanya bali kwenye safari ya kurudi.

Wale walioandika 31 wanastahili neno la utetezi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1993, mtafiti Edward Silver na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walipewa swali la aina hiyo, watu 540 na mabasi ya watu 40, kisha wakatakiwa waeleze jibu lao. Kugawanya kunatoa 13 baki 20. Baadhi ya waliojibu tofauti na "sahihi" walikuwa na hoja nzuri: waliobaki wanaweza kubanana katika mabasi yaliyopo, au liitwe gari dogo badala ya basi zima. Kondakta yeyote wa daladala angewaelewa. Watu 20 wakigawanywa kwenye mabasi 13 ni mtu mmoja au wawili zaidi kwa kila basi, na kwenye daladala hao hata hawaitwi ziada. Mtoto anayeandika 13 kwa sababu amedondosha baki na mtoto anayeandika 13 kwa sababu amewasogeza abiria wameandika namba ileile, lakini mmoja tu ndiye aliyelifikiria baki. Mwalimu hawezi kuwatofautisha kwa kutazama jibu. Inabidi aulize.

Mpaka hapa mfugaji amekuwa mmoja na mayai ni yake. Mambo hubadilika mayai yakiwa ya watu wengi. Tuseme banda ni la kikundi cha kaya 12, na yale 250 yanagawanywa kwa kaya. Namba hazijabadilika: kila kaya inapata mayai 20, yanabaki 10. Lakini safari hii 20 ni mayai na 10 ni mayai, na hakuna swali la kununua ya ishirini na moja. Ukisema kila kaya ipate 21, unahitaji 252, nawe huna. Baki haliwezi kupanda. Linaweza kudondoshwa, kupokezanwa, au kuvunjwavunjwa.

Kuvunjavunja ndiyo njia ya kuvutia. Yai haligawanyiki mara kumi na mbili, lakini fedha inagawanyika vizuri zaidi. Tuseme mayai kumi yanauzwa moja moja kwa shilingi 450 za Tanzania. Zinapatikana shilingi 4,500, na 4,500 kwa 12 ni 375 kamili, bila baki. Tatizo limekwisha kwenye karatasi. Mweka hazina anapofungua mkoba anakuta sarafu ndogo kabisa inayoshikika mtaani ni ya shilingi 50. Hawezi kutoa 375. Anatoa 350 kwa kila kaya, jumla 4,200, na shilingi 300 zinabaki. Mayai kumi yaliyobaki yamezaa shilingi mia tatu zilizobaki. Baki lilipungua kila kipimo kilipokuwa kidogo zaidi, kutoka yai hadi sarafu, na likasimama pale ambapo hakuna kipimo kidogo kuliko hicho. Vikundi vingi huzitumbukiza hizo 300 kwenye mfuko wa pamoja na maisha yanaendelea. Si kila baki lina sehemu ya kutumbukizwa kwa amani kiasi hicho, hata hivyo.

Viti vya bunge, kwa mfano, havina chenji. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, majimbo ya uchaguzi yenye kiti zaidi ya kimoja katika Bunge la Taifa hugawanya viti hivyo kwa uwiano wa kura, na viti vinavyosalia huenda kwa wenye baki kubwa zaidi. Tufanye mfano wa kubuni. Jimbo lina viti 4 na kura 100,000, kwa hiyo bei ya kiti kimoja ni kura 25,000. Orodha ya kwanza imepata kura 41,000: kiti kimoja, baki 16,000. Ya pili imepata 29,000: kiti kimoja, baki 4,000. Ya tatu imepata 17,000: hakuna kiti, baki ni zote 17,000. Ya nne imepata 13,000, nazo zote ni baki. Viti viwili vimetoka kwa kununua, viwili vimesalia. Vinakwenda kwa baki kubwa: orodha ya tatu, kisha ya kwanza. Nusu ya wabunge wa jimbo hilo wameingia kwa baki. Na angalia orodha ya pili: ina kura 12,000 zaidi ya ile ya tatu, lakini zote zina kiti kimoja kimoja. Anayelalamika ana hoja, na anayetetea ana hoja, maana kila kanuni nyingine ingemuumiza mtu mwingine.

Wamarekani ndio waliogundua jinsi baki linavyoweza kuchezea akili ya watu wazima waliokaa na kalamu. Alexander Hamilton alipendekeza njia hiyo ya baki kubwa mwaka 1792, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 ndiyo iliyotumika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi kwa majimbo kulingana na idadi ya watu. Baada ya sensa ya 1880, karani mkuu wa ofisi ya sensa, C. W. Seaton, alipiga hesabu ya kila ukubwa wa baraza kuanzia viti 275 hadi 350. Alipofika 299, jimbo la Alabama lilipata viti 8. Alipoongeza kiti kimoja, vikawa 300, Alabama ikapata 7. Baraza limekua, watu hawajapungua, na jimbo limepoteza kiti.

Hakukuwa na kosa. Kwa viti 299, fungu la Alabama lilikuwa 7.646, la Texas 9.640 na la Illinois 18.640. Baki la Alabama liliyazidi mengine mawili kwa unywele, ikapata kiti cha mwisho. Kwa viti 300 kila fungu lilikua kwa kiwango kilekile, lakini jimbo kubwa likikua kwa kiwango hicho huongezeka zaidi: Alabama ilifika 7.671, Texas 9.672, Illinois 18.702. Sasa Texas na Illinois zote zina baki kubwa kuliko Alabama, kila moja ikachukua kiti, na kiti kimoja kati ya hivyo viwili kikang'olewa Alabama. Wabunge waliosikia habari hiyo hawakuitupa njia ya Hamilton mara moja. Walichagua baraza la viti 325, kwa kuwa kwa namba hiyo njia ya Hamilton na ile ya mpinzani wake mkuu, njia ya Webster, zilitoa mgawanyo uleule, na kwa miaka kumi hakuna aliyelazimika kuamua ni baki la nani lilikuwa na haki.